Juni Kabla ya Julai

Mwalimu Mwanawema alikuwa na watoto tisini na wanne katika darasa moja la maandalizi, mkeka mmoja uliochanika katikati, ndoo moja tupu ya rangi aliyoifanya ngoma, na miguu miwili iliyokuwa ikivimba kila siku kabla ya saa tano. Umri wake hamsini na saba. Kazi ile aliianza akiwa msichana, na sasa kila asubuhi, akipanda kilima cha skuli ya Mtondooni, kijiji kilicho mbele kidogo ya Wingwi, alikuwa akisimama mara mbili njiani, si kwa kumsubiri mtu, bali kwa kuisubiri pumzi yake.

Sauti ndiyo iliyokuwa mali yake, maana darasa la watoto tisini na wanne huliwezi kwa fimbo wala kwa ukali. Utaliweza kwa wimbo. Wakianza kutawanyika kama vifaranga, Mwanawema huipiga ndoo mara nne, polepole, na wote hugeuka. Hapo huanza siku za wiki.

Wimbo wa siku alikuwa ameutengeneza mwenyewe, zamani, na aliutengeneza vizuri. Aligundua kwamba kila siku ya wiki inaingia katika makofi manne bila kubanwa: Ju-ma-mo-si, makofi manne. Ju-ma-pi-li, manne. Hata Jumanne, ambayo kwa macho ni fupi, mdomoni ni nne kamili, kwani ile "n" ya katikati husimama peke yake: Ju-ma-n-ne. Akazipanga mbili mbili:

*Jumamosi, Jumapili,*
*Jumatatu, Jumanne,*
*Jumatano, Alhamisi,*
*Ijumaa, kanzu safi.*

Hiyo "kanzu safi" aliitia kwa sababu siku ni saba, na saba haigawiki kwa mbili. Mstari wa mwisho ulikuwa ukining'inia na watoto wakiujaza kwa kelele. Penye pengo, mtoto hutia lake. Na palikuwa na mtego mwengine. Watoto wakishahesabu mosi, pili, tatu, nne, tano, akili zao hutaka sita, na kila mwaka wapo wanaosema "Jumasita" kwa sauti ya kujiamini kabisa. Basi akawafundisha kwa vidole: siku tano za mwanzo, vidole vitano, kimoja kimoja, vikishakwisha, mkono unafumbwa ngumi, hiyo ndiyo Alhamisi, ngumi inafunguka na kuwekwa kifuani, hiyo Ijumaa. Ngumi haina sita. Mtoto aliyeishika ngumi hasemi tena Jumasita.

Wimbo wa miezi, huo hakuutengeneza. Aliukuta skulini, akaurithi kama mtu anavyorithi kabati lenye mlango mbovu. Ulikuwa na mistari mitatu, miezi minne kila mstari, na mapigo yake ya haraka. Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa tatu ulikwenda, maana Septemba, Oktoba, Novemba na Disemba zinafanana mwendo. Wa pili ndio uliokuwa na maradhi: Mei, Juni, Julai, Agosti. Mei na Juni ni fupi, Julai na Agosti ni ndefu kidogo, na mapigo hayangoji. Zaidi ya hapo, Juni na Julai zinaanza sawasawa, na Mei na Julai zinamalizika kwa kufanana. Mdomo wa mtoto hupenda vinavyofanana. Wakawa wanaimba: *Mei, Julai, Juni, Agosti.*

Mwanawema aliwasikia. Aliwasikia tangu mwezi wa Februari. Siku ya kwanza aliwasimamisha, akawasahihisha, wakaimba vizuri mara mbili, na mara ya tatu wakarudi kule kule. Siku ya pili akawasahihisha. Siku ya tatu mtoto mmoja alikuwa ametapika juu ya mkeka, wengine wawili wanapigana, na mguu wa kushoto ulikuwa unamuwaka moto. Akajiambia, watajua mbele. Kwani nani aliyewahi kufika utu uzima hajui kuwa Juni hutangulia Julai? Akaacha.

Na watoto wakaendelea kuimba kwa furaha, wakiupeleka wimbo majumbani mwao pamoja na vumbi la miguuni.

*

Asubuhi moja ya Julai, wiki ya pili, Mwanawema aliinua macho kutoka kwenye ndoo akamuona Bi Hija mlangoni. Bi Hija alikuwa bibi wa Khairiya, mtoto mmoja mpole wa miaka sita aliyekuwa akikaa karibu na dirisha. Wakiishi wawili tu. Mama wa mtoto alikuwa kafariki, na baba, mtoto wa Bi Hija, alikuwa akifanya kazi Tanga na kuja kwa nadra. Bi Hija macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, meupe kama maji ya wali. Mkono mmoja ameshika bakora, wa pili ameshika bega la mjukuu wake.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bi Hija. Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Sote hatujambo, alhamdulillahi. Na wewe? Naona Khairiya juzi na jana hakuja."

"Tulikuwa na safari," alisema Bi Hija. Alitafuta ukuta kwa bakora, akauegemea. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetembea sana na kukuta mlango umefungwa. "Mwalimu, nimekuja kukuuliza jambo. Mie sikusoma skuli, usinicheke. Hino miezi ya kizungu, imebadilishwa?"

"Imebadilishwa vipi, bibi?"

"Mpangilio wake."

Mwanawema alikuwa ameshajua, kabla hajaambiwa lolote.

Bi Hija akaeleza, taratibu, kwa mpango, kama mtu aliyeirudia hadithi ile kichwani njia nzima akitafuta alipokosea. Mwezi wa Aprili, Mfunguo Mosi kwa hesabu yake, mwezi unaofuata Ramadhani, alipelekwa hospitali Chake Chake na jirani. Akaambiwa macho yake yanafaa kupasuliwa, lakini madaktari wa macho wanatoka nje, wanakuja kwa wiki moja tu, kisha wanakwenda zao. Watakuja Juni, wiki ya pili. Akapewa kadi. Kadi aliifunga katika pindo la leso pamoja na hirizi yake, na kwake yeye kadi na hirizi ni sawa, vyote ni maandishi asiyoweza kuyasoma.

"Nikafika nyumbani nikamuuliza ntoto: sasa tuko Aprili, Juni bado miezi mingapi? Akaniimbia. Aprili, Mei, Julai, Juni. Nikamwambia rudia. Akarudia, hakukosea hata harufi. Nikaweka kokwa tatu za tende katika kibia cha udongo. Kila mwezi ukiandama, nikisikia watu wa msikitini wanatangaza, natupa moja. Mfunguo Pili nikatupa. Mfunguo Tatu nikatupa. Mfunguo Nne nikatupa ya mwisho, nikaoga, nikavaa, tukaenda."

Akaigonga sakafu kwa bakora.

"Wakaniambia madaktari walikuja mwezi uliopita. Wamekwishaondoka."

"Hawakukupigia simu?"

"Walipiga. Nambari ilikuwa ya mwanangu, na laini ile aliipoteza." Akageuza uso kuelekea upande aliodhani yupo Mwanawema. "Nesi akaniambia, bibi, wewe umekosea, Juni inatangulia Julai. Nikamwambia, mjukuu wangu anasoma, na skuli wanaimba hivi. Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini huyu akasikia."

Khairiya alikuwa ameinamisha kichwa, kidole chake kikizunguka tundu dogo la gauni lake la skuli.

"Tangu juzi haimbi," alisema Bi Hija. "Hata kusema, anasema kwa taabu. Ndiyo nikaja kuuliza. Kama ntoto ndiye aliyekosea, nitamwambia si kitu, watoto hukosea. Na kama si yeye, basi nataka alisikie hilo kwa mwalimu wake."

Darasa lilikuwa limetulia kwa namna ambayo darasa lile halikuwahi kutulia. Mwanawema aliwatazama, macho mia moja na themanini na zaidi. Ingekuwa rahisi kusema neno la katikati. Angeweza kusema kuwa wimbo una maneno mengi, watoto huchanganya. Na lingekuwa kweli.

"Si yeye aliyekosea, bibi," alisema. "Nimekosea mimi. Niliwasikia wakiimba vibaya nikawaacha."

"Uliwaacha kwa nini?"

"Nilichoka."

Bi Hija aliitikia kwa kichwa, polepole. Neno hilo alilielewa. Pengine ni neno alilolielewa kuliko maneno yote yaliyosemwa asubuhi ile. "Haya," alisema. "Umesikia, Khairiya? Kaa na wenzako." Akaondoka akipapasa ukuta, na Mwanawema akamtuma mpishi wa uji ampeleke hadi barabarani.

*

Mwalimu mkuu, Mwalimu Haroub, hakuona kama ni jambo la kujiumiza. "Hiyo ni kadari, Bi Mwanawema. Hospitali ilikuwa na jukumu lake, yule mtoto wake wa Tanga ana jukumu lake. Usijitwishe gunia la watu wote."

"Sijitwishi la watu wote. Najitwisha langu."

"Basi ukawarekebishe, mara moja imekwisha."

Mara moja. Mwanawema alicheka, kicheko kikavu. Mtu ambaye hajawahi kufundisha watoto wadogo hudhani kufundisha ni kutia maji katika mtungi: ukitia maji mabaya, utamwaga, utatia mengine. Wimbo haumwagiki. Kinachoingia na ngoma hukaa na ngoma.

Akataka ajue kwanza maradhi yamefika wapi. Siku ile ile, wakati wa mapumziko, alikwenda darasa la kwanza, wanafunzi aliowafundisha mwaka jana. Akawapigia meza mara nne, akawaambia waimbe miezi. Wakaimba kwa shangwe, maana walimpenda. *Mei, Julai, Juni, Agosti.* Akaenda darasa la pili. Huko nusu waliimba sawa na nusu waliimba vile, na hakuna aliyemsikia mwenzake akikosea, kwa kelele. Darasa la tatu waliona haya kuimba, lakini alipomuuliza msichana mmoja ni mwezi gani unaofuata baada ya Mei, alimuona akitikisa midomo kuanzia Januari, haraka haraka, kimya kimya, kisha akajibu: "Julai, mwalimu."

Alirudi akakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Alidhani ni uchovu wa mwaka mmoja. Kumbe alikuwa amechoka kwa miaka minne, na hakujua.

Usiku ule hakufanya lolote, alilala tu. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, ndipo alipokaa barazani kwake, akanyoosha miguu juu ya kigoda, akaanza kuupiga wimbo kwa vifuu viwili vya nazi. Asma, mdogo wake aliyekuwa akikaa naye, alikuwa anachambua mchele.

"Unafanya nini?"

"Naivunja miezi."

Aliivunja kweli. Ja-nu-a-ri, vipigo vinne. Fe-bru-a-ri, vinne. Hiyo miwili inakwenda kama siku za wiki. Ma-chi, viwili. A-pri-li, vitatu. Me-i, viwili. Ju-ni, viwili. Ju-la-i, vitatu, na kutoka hapo hadi Disemba yote ni vitatu vitatu. Akaona ubovu wa wimbo wa zamani: ulikuwa ukiilazimisha miezi mifupi na mirefu kukimbia pamoja, na wepesi wanawakanyaga wazito. Basi kila mwezi upewe vipigo vinne, sawa na jirani yake. Wenye silabi nne ujae. Wenye tatu upige tatu na cha nne kiwe kimya, mkono kifuani. Wenye mbili uvutwe: *Maa-chii. Mee-ii. Juu-nii.*

"Sasa Juni na Julai," alisema.

"Zimefanya nini?"

"Zinakaa pamoja kama mapacha, watoto hawajui nani mkubwa."

"Zitenganishe," alisema Asma bila ya kuinua kichwa.

Mwanawema aliviweka chini vifuu. Miezi minne kwa mistari mitatu, Juni na Julai zipo katikati ya mstari mmoja, zimebanana. Lakini ukiipanga mitatu mitatu, mistari minne, mstari unakatika hapo hapo. Juni inakuwa ya mwisho katika mstari wa pili. Julai inaanza mstari wa tatu. Mwaka unakuwa na sehemu mbili, na mlango uko katikati. Na mlango huo mtoto ataupita kwa mwili wake: Juni akae kitako, Julai asimame. Aliyekaa hawezi kusema Julai, na aliyesimama hawezi kusema Juni. Mdomo husahau, lakini magoti yana akili.

Mitatu ilimwachia nafasi moja tupu mwisho wa kila mstari, na alikuwa ameshajifunza juu ya mapengo. Akayajaza kwa maneno ya vipigo vinne vinne:

*Januari, Februari, Machi, tupa mbegu,*
*Aprili, Mei, Juni, kaa chini,*
*Julai, Agosti, Septemba, karafuu,*
*Oktoba, Novemba, Disemba, mwaka kwisha.*

Sauti aliitungia mpya kabisa. Hilo hakulipenda, maana ile ya zamani ilikuwa tamu. Lakini alijua kwamba akiiacha hata nusu yake, kosa litaifuata kama paka anavyomfuata muuza samaki.

*

Jumatatu aliwaambia watoto wote wakae. Kisha yeye mwenyewe akakaa mkekani, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi, na kunyanyuka kwake kazi kubwa zaidi.

"Wimbo wa miezi tuliokuwa tukiimba ulikuwa na kosa," alisema. "Baada ya Mei inakuja Juni. Kisha Julai. Ule tunauacha. Hatuuimbi hapa, hatuuimbi njiani."

Ishak, mtoto msemaji kupita wote, akauliza, "Nani aliukosea?"

"Mimi."

"Mwalimu hukosea?"

"Hukosea. Tena akikosea, wanakosea wengi."

Hakumtazama Khairiya alipolisema hilo, kwa makusudi. Mtoto yule alikuwa amekaa dirishani akichezea uzi.

Siku tatu za mwanzo walifanya mstari mmoja tu, *Januari, Februari, Machi, tupa mbegu,* wakitembea na kurusha mbegu za mikononi zisizokuwepo. Hakuongeza wa pili mpaka wa kwanza walipouimba bila yeye. Wa pili aliupa wiki nzima. *Kaa chini* ikawa mchezo. Watoto walijitupa mkekani kwa vishindo, na vumbi likapanda hadi darini. Halafu kimya. Aliwalazimisha wakae kimya vipigo vinne kabla ya kusimama kwa Julai, na kimya kile kilimgharimu kuliko kelele zote.

Walirudi nyuma. Siku ya tisa alisikia, nje, wakati wa uji, watoto kumi wakiimba ule wa zamani na kuruka kamba. Hakuwagombeza. Aliwaita, akapiga ndoo, wakaanza mpya. Kesho yake tena. Alikuwa akienda nyumbani koo limekauka, Asma akimchemshia maji ya tangawizi, na wapo waliomuona njiani ameketi juu ya jiwe, mkoba magotini, amefumba macho. Mara mbili kwa wiki alikwenda pia darasa la kwanza na la pili baada ya saa zake, akawafundisha kukaa na kusimama. Walimu wa huko walimuona kama mtu aliyepoteza kitu akakitafuta katika nyumba za watu.

Walipoujua wote, akaanza kuuvunja. Mtoto ajuaye wimbo hajui miezi; anajua wimbo. Ukimuuliza kinachofuata Agosti, atakimbilia Januari kama yule msichana wa darasa la tatu. Basi alikuwa akiimba yeye na kunyamaza ghafla: "*Julai...*" na wao wamalize. Mara nyengine alianza katikati, mara nyengine alitoa mwezi mmoja kama jino na kuwaacha watafute pengo liko wapi. Akawauliza mvua ya masika inanyesha wapi katika wimbo, karafuu zinaanikwa wapi, na wao walizaliwa wapi. Kila mtoto akajua mstari wake wa kuzaliwa, na waliozaliwa Juni wakajiona wakubwa mbele ya waliozaliwa Julai.

Khairiya hakuimba. Alikaa watu walipokaa, akasimama waliposimama, midomo imefungwa. Mwanawema hakumlazimisha. Siku moja mkono wake mwenyewe ulipomuuma, alimpa ndoo.

"Nipigie wewe. Vinne vinne. Usiimbe, piga tu."

Khairiya akapiga. Alipiga vizuri, kwa uzito mmoja, na penye kipigo cha kimya aliinua mkono juu na kuuzuia hewani, jambo ambalo hakufundishwa. Ikawa ndiyo kazi yake. Wiki mbili au tatu baadaye, Ishak, katika kujitia ujuzi, akasimama mapema akasema Julai na wenzake bado wamekaa Juni. Khairiya aliizuia ndoo kwa viganja vyote viwili.

"Bado Juni," alisema. "Kaa."

Ishak akakaa. Mwanawema alijishughulisha na daftari la mahudhurio, asije akaonekana uso wake.

*

Upande wa macho ya Bi Hija, wimbo haukuweza kitu. Mwanawema aliomba ruhusa siku moja, wakaenda pamoja Chake Chake, wakakaa katika benchi ya hospitali tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nesi aliitazama kadi, akalitafuta jina, akasema madaktari watarudi Disemba, wiki ya kwanza, Mungu akipenda. Mwanawema akataka iandikwe nambari yake ya simu badala ya ile iliyokufa, akasimama pale mpaka akaiona imeandikwa.

"Disemba ni kokwa ngapi?" aliuliza Bi Hija wakati wa kurudi.

"Acha kokwa, bibi. Nitakuja mwenyewe kukuchukua."

"Nakuuliza tu nijue."

"Nne, ukiacha huu tulionao."

"Nyingi," alisema Bi Hija. Na ilikuwa nyingi kweli. Katika miezi hiyo alianguka mara moja kando ya kisima akaumia nyonga, na jicho la kushoto likazidi kuharibika. Daktari alipolitazama mwanzoni mwa Disemba alisema limechelewa, limeingia presha, halitarudi. Walipasua la kulia peke yake. Mwanawema alikuwepo alipoambiwa. Hakuna aliyemtazama, wala hakuna aliyetaja Juni, lakini yeye aliitaja moyoni, na ataendelea kuitaja.

Bandeji ilifunguliwa siku ya pili, asubuhi. Bi Hija alipepesa, machozi yakamtiririka kwa mwanga, akamtazama Khairiya kwa muda mrefu sana, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anunuaye kitambaa. Kisha akamgeukia Mwanawema.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Sauti yako ni ya mwanamke kijana. Nilidhani u kijana." Alimwangalia tena, kwa jicho lake moja, miguu iliyovimba katika makubadhi, uso, mkoba. "Umechoka, mwanangu. Kaa kitako."

Pembeni mwa kitanda palikuwa na kiti. Mwanawema akakaa.